Faili la opus halijaharibika: dhana potofu kuhusu ujumbe wa sauti

Wiki hii mteja wa tatu ameniletea faili lilelile, kwa maana ya kosa lilelile. Alikuwa na ujumbe wa sauti wa WhatsApp uitwao PTT-20240612-WA0007.opus, kompyuta yake ikakataa kuufungua, naye akafuta neno opus, akaandika mp3, kisha akaja kwangu akilalamika kwamba sauti "imeungua".

Dhana: ukibadilisha kiendelezi, yaani herufi zinazofuata nukta mwishoni mwa jina, kuwa mp3, faili linakuwa mp3.

Hakuna dhana inayonichosha kuliko hii. Kiendelezi ni kibandiko tu juu ya chupa. Ukibandua neno asali na kubandika neno siki, kilichomo ndani ni asali ileile. Opus ni namna ya kubana sauti iliyosanifishwa mwaka 2012, nayo huhifadhiwa ndani ya kasha liitwalo Ogg, ambalo halihusiani kabisa na mpangilio wa mp3. Programu inayoamini jina la faili hutafuta data ya mp3, haiioni, kisha hutoa onyo kwamba faili ni bovu. Anayesoma onyo hilo huliamini, na wapo waliokwisha kufuta ujumbe mzima kwa sababu yake.

Mteja wangu nilimfungulia faili hilo katika Notepad mbele ya macho yake. Kurasa zilijaa alama zisizosomeka, lakini herufi nne za mwanzo kabisa zilikuwa OggS, na mbele kidogo likafuata neno OpusHead. Ukiyaona maneno hayo mawili, jua kwamba mwanzo wa faili uko salama na kwamba jina ndilo lililokosewa. Funga Notepad bila kuhifadhi chochote, kwa maana ukihifadhi hapo ndipo utakapoliharibu kweli. Nilirudisha jina la opus, nikalifungua kwa kicheza sauti cha VLC, na sauti ikasikika tangu mwanzo hadi mwisho. Asiyetaka kusakinisha VLC anaweza kuliburuta faili na kuliachia ndani ya dirisha la Firefox au Chrome, nalo litacheza humo.

Ikiwa mtu unayempelekea anahitaji mp3 bila hiari, basi sauti igeuzwe kikweli, si jina peke yake. Mimi hutumia ffmpeg, programu ya kugeuza sauti inayoendeshwa kwa kuandika amri, na amri yenyewe ni fupi:

```
ffmpeg -i PTT-20240612-WA0007.opus sauti.mp3
```

Faili la asili hubaki palepale bila kuguswa, nami husisitiza lisifutwe, kwa kuwa mp3 inayopatikana ni nakala iliyobanwa mara ya pili. Kwa sababu hiyohiyo, wanaodai kwamba kugeuza kwenda mp3 huing'arisha sauti wanajidanganya: kilichopotea wakati wa kurekodi hakirudi, na kila mgeuzo wa namna hii hupunguza kidogo.

Lipo faili moja ambalo kweli halina tiba, nalo ni lile lenye ukubwa wa baiti 0, ambalo kwa kawaida hutokana na upakuaji au unakili uliokatika. Hilo lichukue upya kwenye simu.

Dhana: kicheza muziki cha simu hakiuonyeshi ujumbe wa sauti, kwa hiyo haupo.

Upo. WhatsApp huweka ndani ya folda ya ujumbe wa sauti faili dogo liitwalo .nomedia, ambalo huziambia programu za muziki zisiorodheshe yaliyomo, la sivyo nyimbo zako zingechanganyika na maelfu ya salamu. Tumia programu ya kusimamia mafaili, si ya muziki. Katika simu za Android za sasa njia ni hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media/WhatsApp Voice Notes
```

Ndani yake utakuta folda zenye tarakimu kama 202424, ambazo watu hudhani ni takataka za mfumo na kuzifuta. Tarakimu nne za kwanza ni mwaka na mbili za mwisho ni wiki ya mwaka huo, kwa hiyo ujumbe wa Juni 12, 2024 utafutwe katika wiki ya 24. Jina la faili nalo lina tarehe, na namba iliyo baada ya WA ni ya mfuatano tu. Jina la aliyetuma halimo. Asiyejua sauti ni ya nani itambidi asikilize, au arudi kwenye mazungumzo yenyewe na kuutuma ujumbe huo mmoja kwenye kompyuta kutoka humo.

Dhana: iPhone nayo ina folda hiyo, imefichwa tu.

Usipoteze jioni yako ukiitafuta. Programu ya Files haikuonyeshi hifadhi hiyo ya ndani ya WhatsApp. Shikilia ujumbe wenyewe ndani ya mazungumzo, chagua kuushiriki, kisha uuhifadhi mahali unapoweza kuufikia. Au hamisha mazungumzo yote pamoja na viambatisho, nawe utapata faili la zip lenye sauti ndani yake.