Kusafisha posti za zamani kwa ratiba: zipi ziondoke, zipi zibaki

Kusafisha posti kwa ratiba ni kujiwekea kanuni na kuirudia kila baada ya muda fulani: posti iliyopita umri uliopanga inaondolewa pamoja na wenzake kwa mkupuo, isipokuwa iliyopendwa kupita kiwango ulichoweka. Umri ni rahisi kupanga. Wengi wanaharibu kwenye kiwango.

Tuseme mama anauza vikwembe Kadutu, mjini Bukavu, na ana ukurasa wa Fesibuku. Posti zake za zamani zina bei ambazo hauzi tena, na wateja wanamletea picha za posti hizo wakidai bei ileile. Anaamua kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi ataondoa posti zenye zaidi ya miezi sita, na kubakiza zilizopata laiki 50 kwenda juu.

Hapo ndipo anapopoteza. Mwaka 2022 alikuwa na wafuasi wachache, na posti zake saba zilipata laiki 4, 6, 7, 9, 9, 11 na 40. Mwaka 2024 wafuasi wameongezeka, na saba nyingine zimepata 60, 70, 80, 85, 90, 110 na 300. Kwa kiwango cha 50, za 2022 zinakwenda zote, hata ile ya 40 iliyowapita wenzake mbali sana, na za 2024 zinabaki zote, hata zile za kawaida kabisa.

Dawa ni kupima kila posti na za wakati wake. Panga laiki za mwaka mmoja kuanzia ndogo, chukua ya katikati, zidisha mara tatu. Kwa 2022 ya katikati ni 9, kiwango kinakuwa 27, na ile ya 40 inapona. Kwa 2024 ni 85, kiwango 255, inabaki ya 300 peke yake. Hiyo mara tatu si sheria. Akiona zinabaki chache mno, ashushe iwe mara mbili.

Kisha afiche kwanza, asifute. Posti iliyofichwa kwenye kumbukumbu anaiona yeye tu, na akiirudisha inarudi na maoni yake. Iliyotupwa kwenye pipa la Fesibuku hukaa siku 30, halafu inapotea moja kwa moja. Mtandao wa Mastodon una ufutaji wa kujiendesha wenyewe: unachagua umri, idadi ya laiki za kuiokoa posti, na kama zilizobandikwa juu ziachwe. Lakini huo unafuta kabisa, hauna pipa.

Laiki nazo hazisemi yote. Posti yenye maoni mengi huenda imejaa malalamiko, kwa hiyo zile zilizopona azisome kabla ya kuziacha. Ile ya 300 ikiwa na bei ya zamani, aibakize ila abadilishe bei kwenye maandishi. Bei iliyoandikwa juu ya picha haibadiliki, posti hiyo aifiche tu.