"Mbuzimbu": dhana potofu kuhusu ujumbe wa kwanza wa mtoto

Jumamosi moja, simu ya darasa letu la kusoma hapa Umoja iliingiwa na ujumbe kutoka kwa mama mmoja. Neno moja tu: "mbuzimbu". Aliyeandika ni mwanawe wa miaka 7, na hakuwa amewahi kumwandikia mtu ujumbe.

Dhana: Huo ni upuuzi. Mwambie aandike vizuri.

Litazame neno lenyewe. Ameandika "mb", mahali ambapo watoto wengi wanaoanza huacha "m" wakaandika "buzi". Amemkata mbuzi silabi mbili, mbu na zi, kisha akairudisha ya kwanza mwishoni. Asiyezisikia silabi hawezi mchezo huo. Ukimjibu "andika vizuri", atajifunza jambo moja: kuandika kunaleta karipio.

Nilimjibu: "Mbuzimbu! Nimemwona mbuzi humo ndani. Mbuzimbu anakula nini?" Nimelirudia neno lake jinsi alivyoliandika, nimemwonyesha nilichokiona, na nimeuliza swali moja linalojibika kwa neno moja. Maswali matatu yangemchosha kabla hajaipata herufi ya kwanza.

Baada ya dakika arobaini likaja: "ugari". Sikusahihisha. Niliandika: "Ugali! Anakula ugali na nini?" Tahajia sahihi imepita mbele ya macho yake bila yeye kuambiwa amekosea.

Dhana: Akinyamaza, mtumie tena ili asikate tamaa.

Dakika arobaini zile hazikuwa za kutojali. Mamake aliniambia baadaye kwamba kijana alikuwa sakafuni akiitafuta herufi "g". Jumbe zinazorundikana humfanya mtoto aone amechelewa. Mimi husubiri hata siku nzima.

Dhana: Kumjali ni kumuuliza jina kamili, shule na anakoishi.

Hapa nasimama imara, hata kwa walimu wenzangu wenye nia njema. Mtoto akizoea kumjibu mtu mwema maswali hayo kwenye simu, atamjibu pia mtu mbaya, kwa kuwa kwenye kioo maandishi yao yanafanana. Mwulize kuhusu mbuzimbu, usimwulize kuhusu nyumbani. Usiombe picha, usimhamishie kwenye namba nyingine, wala usiandike "hii iwe siri yetu". Mazungumzo yabaki kwenye simu ya mzazi, anapoweza kuyasoma yote.

Na neno likiwa la chooni, kama "pupu"? Umri huo huchekea maneno hayo. Jibu kwa upole, kisha peleka mchezo kwingine: "Umenichekesha! Sasa nitafutie neno linaloanza na pa." Lakini mtoto akiandika kwamba kuna mtu anamgusa au anamtisha, mchezo umekwisha. Mwambie amefanya vyema kusema, usimhoji, na piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini Kenya. Mzazi naye aambiwe, isipokuwa kama ndiye anayetajwa.

Jumapili jioni ujumbe mwingine ukaingia: "na sukuma. mbuzimbu amerara".

Nikajibu: "Amelala! Basi tuongee polepole."