"Ijumaa ijayo" ni Ijumaa ipi?

Kazi yangu ni kupanga miadi ya wagonjwa katika kituo cha vipimo, na sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye kuandika meseji. Mwaka jana, Jumatano tarehe 10 Septemba, niliwatumia watu wawili meseji ileile: "Njoo Ijumaa ijayo saa 3 asubuhi kwa altrasaundi ya tumbo. Usile kuanzia saa sita usiku wa Ijumaa."

Mimi nilikusudia tarehe 19. Mzee mmoja, mtu wa Unguja, akatokea tarehe 12, tumbo tupu, midomo imemkauka. Dada mwingine akaja tarehe 19 kama nilivyotaka, ila alikuwa ameshakunywa chai ya maziwa na maandazi mawili. Ukila, mfuko wa nyongo hujikamua na kusinyaa, kwa hiyo mpimaji hauoni vizuri. Wote wawili walirudi nyumbani bila kupimwa, na kosa lilikuwa langu.

Tuanze na mzee. "Ijayo" maana yake ni inayokuja, na ukiwa Jumatano, Ijumaa inayokuja ni ya keshokutwa. Alisoma Kiswahili kama kilivyo. Mimi nilikuwa nimezoea kuwa ya keshokutwa inaitwa "Ijumaa hii", kwa hiyo "ijayo" lazima iwe ya wiki inayofuata. Ana kwa ana neno hili halisumbui, maana mwenzako atauliza, "Hii hii, au ile nyingine?" Meseji haiulizwi. Kusema "Ijumaa ya wiki ijayo" kunasaidia kidogo, mpaka ujiulize wiki inaanza lini. Ofisini huanza Jumatatu. Ukifuata majina yenyewe, siku ya mosi ni Jumamosi.

"Wikiendi hii" ina shida ya namna hiyohiyo, na kwetu hujitokeza zaidi pale watoto wanapowapangia wazazi wao miadi kutoka mbali. Aliyeko Maskati, ambako tangu 2013 mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, akiomba "wikiendi", Jumapili huenda haimo kabisa kichwani mwake. Siku hizi namjibu kwa kumtajia siku mbili zenye tarehe, achague.

Lakini kigumu kuliko vyote ni saa sita usiku. Kwa hesabu ya zamani ya pwani, siku huanza jua linapozama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi ikishatua. Mzee alielewa hivyo, ndiyo maana alifunga usiku sahihi, ila wa wiki isiyo yake. Yule dada yeye huhesabu usiku baada ya mchana. Kwake usiku wa Ijumaa ulikuwa bado haujafika alipokuwa anakunywa chai, na akadhani kutokula ni sharti la baada ya kipimo. Waandishi wa habari huikwepa shida hii kwa kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa", na maneno hayo ni mazuri kweli. Tatizo la saa sita yenyewe hubaki: ni mpaka kati ya tarehe mbili, na kila msomaji anaweza kuuvutia upande wake. Ukiandika 00:00 ndiyo kabisa, maana wengine huiona kama mwisho wa tarehe uliyoitaja, ilhali kwenye simu ndiyo mwanzo wake.

Nilipokaa na mpimaji nikagundua kuwa hata hiyo saa sita hatukuihitaji. Kipimo hiki kinataka muda wa saa sita hadi nane bila chakula, na miadi ni saa tatu asubuhi. Basi nikaihamishia marufuku kwenye mlo ambao mtu anaujua:

```
Kipimo: IJUMAA, 19 Septemba 2025, saa 3:00 asubuhi.
Chakula cha mwisho: ALHAMISI, 18 Septemba,
kabla ya saa 4:00 usiku.
Ijumaa asubuhi usile wala usinywe chai mpaka upimwe.
```

Neno "asubuhi" halikosi kamwe pale, maana karatasi ya mashine yetu huchapa 09:00, na wapo wanaoisoma saa tisa wakaja alasiri. Mwezi nauandika kwa jina, kwa sababu 9/12 kwa aliyeko Marekani ni Septemba.

Jina la siku nalo siliachi, hata kama tarehe ipo. Mwezi uliopita niliteleza, nikaandika Alhamisi badala ya Ijumaa. Kabla sijamaliza chai yangu simu ikaita, ni mama mmoja: "Mwanangu, tarehe uliyoniandikia kwenye kalenda yangu ni Ijumaa. Sasa nije lini?"