Kinanda kimeunganishwa na simu, mbona simu iko kimya?

Swali hili nalipata sana kutoka kwa wapiga vinanda wa kwaya hapa Moshi. Waya umechomekwa, kinanda kimewaka, lakini ukipiga sauti inatoka kwenye spika za kinanda tu. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kinachopita kwenye waya huo ni MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya kielektroniki huwasiliana nayo, na haibebi sauti hata kidogo. Inabeba taarifa za vidole vyako. Ukibonyeza C ya katikati, kinanda kinatuma namba tatu:

```
144 60 100
```

Ya kwanza inasema noti imeanza kwenye chaneli ya 1, ya pili inataja noti yenyewe, ya tatu inaeleza umebonyeza kwa nguvu kiasi gani, mwisho wake ukiwa 127. Ukiachia, unatumwa ujumbe mwingine wa kuizima. Simu ikipokea namba hizo huku haina app yenye ala ndani yake, haina cha kupiga.

Tuchukue kinanda chenye tundu la mraba nyuma lililoandikwa `USB TO HOST`. Kebo yake ni ileile ya printa, unaipata maduka ya steshenari. Tundu bapa la `TO DEVICE` ni la flashi, liache. Kwenye kompyuta unachomeka moja kwa moja. Kwenye simu ya Android, kuanzia toleo la 6, weka upande wa simu adapta ya OTG, ile inayoiwezesha simu kupokea vifaa vya USB. Kisha fungua app yenye piano, ingia kwenye mipangilio ya MIDI, chagua jina la kinanda chako, halafu piga.

Jina lisipoonekana, angalia kwanza mipangilio ya simu, maana baadhi ya simu zina swichi ya OTG ambayo huwa imezimwa. Halafu jaribu kebo nyingine. Ikigoma bado, jaribu kwenye kompyuta: kuna vinanda, hasa vya zamani, vinavyotaka draiva ya kampuni yake, na hiyo kwenye simu huwezi kuiweka.

Jina likionekana ila sauti inachelewa, usiilaumu MIDI. Hata kwa waya wa zamani wa pini tano, ujumbe wa noti moja hufika kwa takriban milisekunde 1. Kinachochelewesha zaidi ni spika ya bluetuthi. Unabonyeza sasa, sauti inakuja baadaye, na hakuna mpigaji anayeweza kushika mapigo hivyo. Tumia waya wa spika au hedifoni. Kwenye kompyuta, punguza pia bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta hukusanya kabla ya kuitoa: sampuli 256 kwa 48,000 Hz ni kama milisekunde 5, lakini ukishusha mno sauti itaanza kukwaruza.

Tatizo jingine ni noti kusikika mbilimbili ndani ya kinanda chenyewe, kama inapigwa ndani ya bomba. Hapo programu inakirudishia kinanda noti zake. Kwenye menyu ya kinanda zima `Local Control`, inayounganisha vitufe na sauti za kinanda chenyewe. Ukichomoa kebo kumbuka kuiwasha tena, la sivyo kinanda kitakuwa kimya.