CRDB imefungua, au wamefungua?

Juzi ililetwa mezani kwangu habari fupi iliyoanza hivi: "Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) imefungua ofisi mpya." Mwandishi alianza na mfuko, akafika kwenye mabano, akasahau alikotoka. Kosa hili nalirekebisha karibu kila siku, na dawa yake ni kidole: funika mabano, kisha soma. "Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii imefungua" haisemeki. Mfuko umo katika ngeli ya U-I, kwa hiyo mfuko umefungua. Kilichomo ndani ya mabano hakitawali kitenzi. Nomino iliyotangulia ndiyo inayotawala, hata kama kati yake na kitenzi kuna maneno saba.

Kazi inaanza kifupisho kinaposimama peke yake, bila mfuko wala shirika mbele yake.

Kwa benki hakuna ugomvi. Neno benki lenyewe ni la kukopa na limetua katika I-ZI, ambako maneno mengi ya kigeni hutua yasipokuwa na kiambishi tunachokitambua. Ndiyo maana tunasema ATM imemeza kadi, na SMS zako sijaziona. "CRDB imefungua tawi" inashikiliwa pande mbili: na benki iliyojificha nyuma ya jina, na mazoea yetu kwa vifupisho. Kampuni nayo ni vivyo hivyo, Vodacom imetangaza, ila katika wingi wengine husema kampuni zimetangaza na wengine makampuni yametangaza. Mimi hubaki na zimetangaza, kwa kuwa anayeandika makampuni yametangaza aya hii, aya inayofuata utamkuta na "kampuni limetangaza".

Ugumu uko kwa mashirika, vyama na mashirikisho, maana hapo nomino iliyojificha haimo katika I-ZI. Chukua TFF. Nyuma yake kuna shirikisho, la ngeli ya LI-YA. Anayeandika "TFF limetangaza" analisikia shirikisho kichwani. Anayeandika "TFF imetangaza" anazichukulia zile herufi tatu kama jina tu. Sarufi inawabeba wote wawili. Ninachokataa ni kuanza na limetangaza, kisha mistari mitatu mbele kuandika imesisitiza, hadi msomaji arudi juu kutafuta hicho kingine kilichosisitiza ni kipi.

Neno chama ndilo lenye nguvu kuliko yote. Herufi za CUF zinatokana na Kiingereza, lakini waandishi wengi huandika "CUF kimesimamisha mgombea" bila kusita, kwa sababu chama kinasikika hata kisipotajwa. Katika wingi kinasikika zaidi: TANU na ASP viliungana mwaka 1977 kuunda CCM. Ziliungana nayo utaisikia, lakini kwangu inafanya vyama vionekane kama kampuni.

Mitaani kuna njia ya tatu: "NMB wamenitumia ujumbe." Hapo msemaji hafikirii taasisi, anafikiria watu walioko ndani yake. Katika mazungumzo siigusi. Katika habari ya gazeti namrudishia mwandishi aseme ni wafanyakazi au ni benki.

Wanaodhani upatanisho hufuata umbo la neno peke yake nawapeleka uwanjani. Simba amemrukia swala. Simba imeifunga Yanga. Jina ni lilelile, lakini mnyama huchukua a- kwa kuwa ana uhai, na klabu huchukua i-. Ukiiita klabu hiyohiyo Wekundu wa Msimbazi, wameshinda, kwa kuwa sasa umetaja watu.

Na kuna vifupisho vilivyokwisha kuwa maneno kamili. UKIMWI ulibahatika: umetokana na upungufu wa kinga mwilini, kwa hiyo nomino iliyojificha na herufi ya kwanza zote zinadai u-. Ukimwi umeenea, basi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni VICOBA. Herufi hizo ni za jina la Kiingereza la benki za jamii vijijini, na zingeweza kubaki I-ZI pamoja na SACCOS, ambayo watu husema SACCOS yetu. Lakini sikio la Mswahili likasikia vi-, likaona huu ni wingi, likaudai umoja wake. Umoja ukapatikana bila taabu, kwa kuwa kikoba, yaani mkoba mdogo, kilikuwapo tangu zamani na kinafaa kutunzia fedha. Leo mama anakwambia kikoba chao kinakutana Jumamosi, na vikoba vya mtaa wa pili vimeshagawana. Kwenye daftari lao la hisa, juu kabisa, bado pameandikwa VICOBA kwa herufi kubwa.