Vifaa vya mkahawa mdogo wa intaneti Pemba: kila chombo hufia wapi?

Mwenye duka mmoja wa Chake Chake alifika katika kitengo chetu cha matengenezo akiwa na orodha ya vifaa aliyoandikiwa na muuzaji. Alikuwa amekodi chumba cha mita nne kwa tano, chenye paa la bati lisilo na dari, na alikusudia kuweka humo kompyuta nane zitakazofanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku. Orodha ilikuwa na kibodi nane za bei kubwa zinazotengenezwa kwa ajili ya wacheza gemu, vipanya rahisi visivyo na waya, hedifoni za simu, na kiyoyozi cha BTU 9,000. Hakukuwa na kifaa kibovu katika orodha hiyo, lakini fedha nyingi zilikuwa zimeelekezwa kwenye sehemu zisizokufa, na zile zinazokufa zimeachiwa vifaa dhaifu.

Tuanze na kibodi. Ile ya kawaida, yenye vikombe vya mpira chini ya vibonye, hutajwa na watengenezaji kuwa inavumilia mibonyezo milioni 5 hadi 10 kwa kila kibonye, na ile ya swichi za chuma hufikia milioni 50. Tofauti hiyo inatisha mpaka mtu aipigie hesabu. Tukikadiria kwamba kiti kimoja hupata wateja kwa saa tisa kwa siku, na kila saa huchapwa herufi 2,000, tunapata mibonyezo 18,000. Katika maandishi ya Kiswahili herufi inayotumika kuliko zote ni A, na hata tukiipa sehemu moja kwa tano ya mibonyezo hiyo, haitazidi 3,600 kwa siku, yaani kama milioni 1.1 kwa mwaka wa siku 300 za kazi. Kibodi ya kawaida ingehimili zaidi ya miaka minne kwa hesabu hiyo, na ni nadra kuiona moja ikifika huko. Huuawa mapema na chai ya maziwa, na hewa ya bahari.

Ndani ya kibodi ya kawaida mna karatasi za plastiki zilizochorwa mistari myembamba inayopitisha umeme. Unyevu wenye chumvi ukiingia humo, mistari huliwa kidogo kidogo mpaka mmoja ukatike. Dalili yake haifanani na ya kibonye kilichochoka: herufi kadhaa zinazotumia mstari mmoja hufa kwa pamoja ilhali majirani zake wanafanya kazi vizuri. Ukiliona hilo, usipoteze siku nzima kusafisha vibonye. Tulimshauri basi anunue kibodi za kawaida za waya, zenye vitundu vya kutolea maji upande wa chini, na herufi ambazo hazikupakwa rangi tu juu ya plastiki. Namna ya kuzitambua ni kung'oa kibonye kimoja dukani na kukigeuza: ikiwa umbo la herufi linaonekana hata kwa ndani kwa plastiki ya rangi nyingine, herufi hiyo haitafutika kwa vidole. Muuzaji asiyekubali king'olewe aachwe na bidhaa yake.

Kwa kipanya hesabu inageuka. Mteja anayejaza fomu ya mkopo wa masomo, au mtoto anayecheza gemu, hubofya kitufe cha kushoto mara 500 kwa saa bila ya kujijua. Kwa saa tisa ni mibofyo 4,500, na kwa mwaka ni milioni 1.35, yote ikiangukia swichi moja ndogo. Ikiwa swichi hiyo imetengenezwa kwa mibofyo milioni 3, mwaka wa tatu hauishi nayo, na hutoa taarifa mapema: mteja anabofya mara moja, faili linafunguka mara mbili. Hapa ndipo penye sababu ya kulipa zaidi, angalau kwa swichi ya milioni 10. Kiwe cha waya, maana kile kisicho na waya kinadai betri, na kipokezi chake kidogo huondoka mfukoni mwa mtu. Waya nao hukatika pale unapoingia kwenye kiwiliwili cha kipanya, kwa hiyo uachiwe ulegevu wa kutosha juu ya meza, kisha ubanwe ukingoni ili mvuto wa mkono usifike kwenye tundu la kompyuta.

Hedifoni zina kazi kubwa hapa kwetu kwa sababu ya jamaa walioko Oman na Dubai. Zile za simu zina pini moja yenye sehemu nne, na kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la sauti na la maikrofoni. Mteja atasikia lakini hatasikika. Zichaguliwe zenye pini mbili, kisha kila moja ya matundu hayo mawili lipewe waya mfupi wa kurefushia ambao haung'olewi kamwe. Wateja watachomeka na kuchomoa kwenye waya huo wa bei ndogo, na tundu la kompyuta litabaki jipya. Sponji za masikio zifutwe kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kwani spiriti hupasua ngozi ya bandia.

Kilichobaki ni joto, na hapa ndipo orodha ilipokosea zaidi. Kompyuta moja na skrini yake, kwa kazi za kawaida, hutoa joto la takriban wati 100, na mtu aliyekaa hutoa kiasi hichohicho. Kompyuta nane na watu kumi ni wati 1,800, na kila wati ni BTU 3.41 kwa saa, hivyo tunapata kama BTU 6,100 kabla ya kuhesabu jua. Kiyoyozi cha 9,000 kinaonekana kutosha, lakini bati lisilo na dari wakati wa kaskazi hushusha joto kubwa kichwani mwa wateja. Tulimwambia aweke dari kwanza, kisha achukue kiyoyozi cha 12,000. Bila ya dari hata cha 18,000 kingehangaika, na bili ya umeme ingemlazimisha kukizima.

Watu wengi wakiwa na kiyoyozi hukishusha hadi nyuzi 18, na hapo huleta maradhi mengine. Hewa ya nje yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye chini ya nyuzi 26 hivi. Umeme ukikatika na madirisha yakafunguliwa, kibodi, hedifoni na kompyuta zilizokuwa zimezimwa hutoka jasho kama chupa ya soda. Duka moja jirani na bahari upande wa Mkoani lilipoteza kibodi tatu katika msimu mmoja wa masika kwa njia hiyo, na mwenyewe alikuwa akiwalaumu watoto. Kiyoyozi kiwekwe nyuzi 26, na usiku kizimwe nusu saa kabla ya kufunga, milango ikiwa bado imefungwa, ili vitu vipate joto polepole.

Feni za ndani ya kompyuta zipulizwe vumbi kila mwezi, pangaboi likiwa limeshikwa kwa kidole lisizunguke. Kompyuta inayokwenda vizuri asubuhi na kuzorota saa tisa alasiri, huku feni yake ikivuma, aghalabu ina vumbi au grisi ya prosesa iliyokauka, wala haihitaji kumbukumbu mpya. Sehemu ya nje ya kiyoyozi nayo imwagiwe maji baridi ya bomba mara moja kwa mwezi, umeme ukiwa umezimwa, ili chumvi isile mapezi yake.

Orodha ya mwisho ilikuwa na kibodi kumi, vipanya kumi na viwili, hedifoni kumi na nyaya kumi na sita za kurefushia, kila aina ikiwa ya muundo mmoja ili kilichokufa kitoe vipuri kwa kilicho hai. Fedha zilizookolewa kwenye kibodi za gemu zilinunua mbao za dari.