Pedi za seramiki si diski za seramiki

Kuna ujumbe unaosambazwa kwa madereva: “Fungeni breki za seramiki: diski haziishi, na breki hazigomi hata zikipata moto.”

Kinachouzwa kwa jina hilo katika maduka ya kawaida ya spea hapa Tabora ni pedi za seramiki, nazo hubana diski ileile ya chuma cha kusubu. Jina ndilo linalowachanganya watu. Diski yenyewe ya seramiki ni nyuzi za kaboni ndani ya silikoni kabaidi. Uzito wake ni karibu nusu ya ile ya chuma, huvumilia nyuzijoto 1,000 hivi, na seti yake inaweza kuzidi bei ya gari dogo lililotumika. Jaribu kwa sumaku: ikinata, diski yako ni chuma. Kutu ya asubuhi baada ya mvua nayo inasema hivyo hivyo.

Seramiki nayo huisha. Diski ya chuma hupimwa unene, ila hii hupimwa zaidi uzito, kwa sababu joto kali huunguza kaboni yake. Tena mafuta ya breki hayabadiliki kwa sababu ya diski: DOT 4 yaliyonyonya unyevu yanaweza kuchemka yakikaribia nyuzijoto 155, na pedali ikazama.

Tafadhali, msiusambaze ujumbe huo. Anayeuamini huacha kukagua diski zake.